Trei ishirini kwenda Majengo: uuze mchanganyiko, uchambue kwa saizi, au umwachie mchuuzi mlangoni?

Nina kuku wa mayai 200 huku Veyula, Dodoma, kwenye barabara ya kwenda Arusha. Wakitaga vizuri napata mayai kama 160 kwa siku, kwa hiyo kila baada ya siku nne ninakuwa na trei ishirini na ziada kidogo ya nyumbani. Trei ni mayai 30. Hizo ishirini zina njia tatu za kutoka: nizipeleke soko la Majengo zikiwa mchanganyiko kama zilivyookotwa bandani, nizichambue kwanza kwa saizi ndipo nizipeleke, au nimngoje mchuuzi aje na kirikuu chake achukue zote mlangoni. Njia zote tatu nimezijaribu kwa kuku walewale katika wiki zilizofuatana, chakula kikiwa bei ileile, na hesabu niliiandika. Matokeo hayakuwa yale niliyotegemea.

Nianze na mchanganyiko, maana ndivyo wengi wetu tunavyoanza. Unaokota, unajaza trei, unafunga safari. Mezani bei ni moja, na siku ile ilikuwa 8,500 kwa trei. Mteja wa kwanza akafika, "Mbukwa mama," nikaitika, akaomba mayai kumi. Huyo hachukui kumi ya mstari wa mbele. Anachagua, na mkono wake unakwenda kwenye makubwa tu. Wa pili anataka trei nzima, ila anayaona madogo manne pembeni: "Haya nibadilishie, mama, bei si ni hiyohiyo?" Utamwambia nini? Bei kweli ni hiyohiyo. Unabadilisha. Kufikia saa sita mchana, trei zilizobaki mezani si tena mchanganyiko uliotoka nao nyumbani. Ni mabaki ya mchanganyiko: madogo, marefu membamba, na yenye ganda la madoa. Trei kumi na mbili za mwanzo nilizitoa kwa 8,500. Saba za mwisho zilinibidi nizishushe hadi 7,000, la sivyo ningerudi nazo kwenye jua.

Na hiyo 7,000 si bei, ni kuomba msamaha. Kuku mmoja wa mayai anakula gramu kama 120 kwa siku. Wakitaga wanane katika kila kumi, yai moja limekula gramu 150 za chakula. Mfuko wa kilo 50 nilikuwa nimeununua 68,000, sawa na 1,360 kwa kilo, kwa hiyo kila yai limebeba shilingi 204 za chakula peke yake, na trei 6,120. Ongeza chanjo, maranda, maji na kile kidogo cha kurudisha gharama ya vifaranga, mimi ninaweka 700 kwa trei, unakaribia 6,800. Ukiuza 7,000 umebakiwa na mia mbili, na nauli bado hujaitoa.

Hasara ya pili ya mchanganyiko hutokea njiani, kabla hata hujafika mezani, na hii ilinichukua muda kuielewa. Nilidhani mayai yanavunjika kwa sababu ya matuta na dereva wa bajaji. Matuta yamo, dereva naye yumo, lakini chukua trei moja ya mchanganyiko, iweke sakafuni, inama mpaka jicho liwe usawa wa mayai. Utaona mawili matatu yamechomoza juu ya wenzake. Sasa weka trei nyingine juu yake. Uzito wa ile ya juu haukugawanyika kwa mayai thelathini wala haukukaa kwenye vinundu vya trei, umekaa juu ya vichwa vya yale mawili matatu. Ukipanga trei sita, lile refu la chini kabisa linabeba sehemu kubwa ya karibu kilo tisa, na kila tuta linakuwa nyundo.

Tena lile refu ndilo lenye ganda dhaifu zaidi. Kuku hutumia kiasi kilekile cha chokaa, au karibu hicho, kutengeneza ganda la yai dogo na la kubwa. Yai likiwa kubwa, chokaa hiyo inatandazwa eneo pana zaidi, ganda linakuwa jembamba. Kuku anavyozeeka mayai yanazidi kuwa makubwa na ganda linazidi kulegea. Kwa hiyo mchanganyiko unambebesha mzigo yule asiyeuweza. Safari ile nilifika Majengo na mayai 22 yaliyoharibika: 14 yenye ufa, manane yakiwa yamemwagika na kuchafua majirani zao. Na yai lililochafuliwa na ute wa mwenzake ni shida nyingine, kwa sababu ukiliosha unaondoa ule utando mwembamba unaoziba vitundu vya ganda, nalo halikai tena. Mimi silioshi. Nalifuta kwa kitambaa kikavu, naliuza siku hiyohiyo au nalirudisha nyumbani tukalipike.

Sasa kuchambua. Watu wakisikia neno hilo wanafikiria mashine. Mimi nilianza na mzani mdogo wa jikoni, ule wa betri unaosoma gramu mojamoja, na boksi la mche wa sabuni. Mipaka yangu ni miwili tu: chini ya gramu 53 ni dogo, kuanzia 53 hadi 62 ni la kati, 63 na kuendelea ni kubwa. Namba hizo sikuzitunga, ndizo zinazotenganisha madaraja kwenye masoko ya Ulaya, nami niliziona zinaendana na mayai yangu. Lakini kupima mayai 600 moja moja ni adhabu. Kwa hiyo nilitafuta kwa mzani yai la gramu 53 kamili lenye umbo la kawaida, nikakata kwenye boksi tundu la duara ambalo yai hilo linapita kwa kusuguasugua kidogo. Nikafanya vivyo hivyo kwa la gramu 63. Hicho kiboksi cha matundu mawili ndicho kipimo changu. Yai likipita tundu la kwanza ni dogo, likikwama la kwanza likapita la pili ni la kati, likikwama yote ni kubwa. Baada ya wiki mbili jicho linazoea na unakitumia kwa yale ya kubishaniwa tu.

Kina kasoro moja: kinapima unene, si uzito. Yai refu jembamba litapita tundu la kati ilhali uzito wake ni wa kubwa, na lile la mviringo kama limau litakudanganya upande wa pili. Ndiyo maana trei ikijaa naiweka yote kwenye mzani mkubwa na kutoa uzito wa trei tupu. Trei yangu ya madogo huja karibu kilo 1.5, ya kati 1.7, ya makubwa 1.95. Ya madogo ikisoma 1.6 najua kuna wageni ndani.

Wakati huohuo nasikiliza ufa. Unashika mayai mawili mkononi na kuyagonganisha taratibu sana. Mazima hulia kwa sauti kali fupi, kama vigae. Lenye ufa hulia bubu, kama umegonga gunzi. Usiku natumia tochi ya simu kwenye chumba chenye giza: ufa ambao jicho halikuuona mchana unawaka kama uzi mweupe. Hayo yanatoka kabla ya safari, maana yai lenye ufa likianza safari halifiki. Kazi yote hii kwa trei ishirini ni kama saa moja, na nikiifanya jioni kila ninapookota, sioni hata hiyo saa imekwenda wapi.

Mayai yakishakuwa ya urefu mmoja, trei zinakaa. Hapo ndipo inafaa kuuliza trei gani, kwa sababu kabla ya hapo hata trei nzuri haikusaidii sana. Soko lina mbili, ya karatasi na ya plastiki, na wafugaji wanabishana kama mashabiki wa Simba na Yanga. Ya karatasi ina ulaini unaoshika yai, tetemeko la bajaji linafia kwenye karatasi. Tena mteja anaondoka nayo bila ugomvi. Ubaya wake ni kwamba inalegea. Ukiirudisha mara ya tatu pembe zimeshalainika, na ikipata unyevu wa mayai yaliyomwagika, trei ya chini inakuwa kama kande. Ibonyeze katikati kwa kidole gumba: ikirudi inatumika, ikibaki na shimo itupe. Pia karatasi haioshwi. Trei zinazozunguka kutoka banda la fulani hadi la fulani ni njia nzuri kabisa ya kuletewa mdondo nyumbani, na trei ya mchuuzi, ambaye kwa siku ameingia mabanda kumi, siipeleki karibu na kuku wangu hata akinipa bure.

Ya plastiki inaoshwa, inakaa miaka, na pembe zake zinabeba uzito badala ya mayai. Lakini ni ngumu, na yai dogo ndani yake linacheza. Linagongagonga kuta safari nzima, na ukifika unalikuta na ufa mdogo kiunoni. Halafu mteja anataka kuondoka nayo, na ukimdai amana ya trei anakutazama kama umemtukana. Nilichoishia kufanya ni hivi: madogo na ya kati yanasafiri kwenye karatasi, makubwa kwenye plastiki, kwa kuwa makubwa yanajaa vizuri kwenye vishimo vyake na ndiyo yanayohitaji zaidi kuondolewa mzigo kichwani. Mteja wa makubwa namhamishia kwenye trei ya karatasi hapo mezani.

Namna ya kupanga, kwa karatasi, ina mambo machache ambayo ukiyakosea hata trei mpya haitakuokoa. Yai linakaa ncha chini, kitako juu, kwa sababu kwenye kitako ndiko kuna mfuko wa hewa na hautakiwi kubanwa na kiini kinachopanda. Kila trei inayowekwa juu igeuzwe robo mzunguko kuhusu ile ya chini, ili vinundu vikae juu ya vinundu. Ukizipanga zote uelekeo mmoja, zinazama ndani ya nyingine kama vile trei tupu zinavyozama, na mayai ndiyo yanayozizuia. Nafasi tupu ndani ya trei usiiache, trei yenye mapengo naiweka juu kabisa. Kwa barabara yangu, vumbi na mashimo mpaka ukutane na lami, sipiti trei tano za karatasi kwa rundo. Juu naweka trei tupu iliyopinduliwa iwe kifuniko, nafunga msalaba kwa utepe wa tyubu kuukuu ya baiskeli, ambao unavutika na hauikati karatasi kama kamba ya katani inavyofanya. Chini ya rundo kuna gunia lililojazwa maranda, unene wa kiganja. Na rundo halikai nyuma kabisa ya bajaji. Linakaa kwenye kiti cha abiria, katikati, na mimi pembeni nikilishika. Dereva wangu alicheka siku ya kwanza. Sasa hata asipoambiwa anapunguza mwendo kwenye tuta.

Safari ya kwanza ya mayai yaliyochambuliwa nilifika na mabovu saba: sita makubwa na moja la kati. Matano yalikuwa na ufa tu.

Bei sasa. Hapa watu wengi huongeza makubwa na kuacha madogo palepale, wakidhani kuchambua ni ujanja wa kupandisha bei. Wateja wa Majengo si watoto. Mimi nilichukua bei ya soko ya 8,500 nikaifanya ya trei ya kati, kwa sababu ndiyo trei ambayo mteja anaifikiria akisikia neno trei. Kilo 1.7 kwa 8,500 ni 5,000 kwa kilo. Kwa kipimo hichohicho, trei ya madogo ya kilo 1.5 inastahili 7,500, na ya makubwa ya kilo 1.95 inastahili 9,750. Makubwa niliyashusha hadi 9,500, kwa kuwa mia mbili na hamsini za mwisho zilileta maneno mengi kuliko pesa. Mzani nilikuja nao mezani. Aliyebisha nilimpimia.

Ukizitazama bei hizo kwenye karatasi, hazina faida. Nilikuwa na trei tano ndogo, kumi na moja za kati na nne kubwa. Zikiuzwa zote kikamilifu ni 169,000, wakati trei ishirini kwa 8,500 zingekuwa 170,000. Nilipoliona hilo usiku ule nilitaka kuacha. Tofauti haiko kwenye orodha ya bei, iko kwenye yanayotokea mezani. Hakuna tena wa kubadilishiwa. Anayetaka makubwa ameyakuta na bei yake, na madogo yana mwenyewe: kijana wa chipsi. Alisimama, akaangalia trei ya madogo, akasema, "Mama, hizi nipe mbili, na kesho kutwa niwekee mbili." Zege inauzwa kwa idadi ya mayai, haipimwi kwenye mzani, kwa hiyo kila shilingi aliyopunguza kwenye trei imebaki mfukoni mwake. Yai la kuchemsha vivyo hivyo. Mpishi wa keki ndiye ambaye ningemshauri asichukue madogo, maana kanuni yake inasema mayai sita na unga umepimwa kwa mayai ya kawaida. Ya kati ndiyo yake.

Hesabu za siku tatu ziliishia hivi. Nauli ya bajaji ilikuwa 8,000, na mwenye meza nilimlipa 1,000.

| | Mchanganyiko sokoni | Yaliyochambuliwa sokoni | Mchuuzi mlangoni |
|---|---|---|---|
| Yaliyoharibika njiani | 22 | 7 | hayanihusu |
| Mauzo yote | 155,500 | 168,300 | 152,000 |
| Nauli na meza | 9,000 | 9,000 | 0 |
| Iliyobaki mkononi | 146,500 | 159,300 | 152,000 |

Kwenye safu ya kwanza kuna trei 12 kwa 8,500 na saba kwa 7,000, mayai manane ya rejareja kwa 300, na yenye ufa 14 kwa 150. Kwenye ya pili, lile la kati lililoharibika nililiziba kwa moja kubwa, nikauza trei tatu kamili za makubwa, makubwa 23 yaliyobaki nikayatoa moja moja kwa 350, na yale matano yenye ufa kwa 150. Yenye ufa nayauza tu kama ngozi ya ndani haijachanika na mnunuzi anayapika jioni ileile. Yanayovuja siuzi hata kwa hamsini.

Angalia safu ya mwisho tena. Mchuuzi alinipa 7,600 kwa trei, bei ambayo siku zote nilikuwa naiita ya wizi, na bado alinizidishia 5,500 kuliko kwenda Majengo na mchanganyiko, nikiwa nimekaa nyumbani. Kwa hiyo kama huna saa moja ya kuchambua, au barabara yako hadi lami ni mbaya kuliko yangu, usijisumbue na soko. Mpe mchuuzi, mhesabie mbele yake, na trei zako zirudi tupu mpya, si zile alizokusanyia kwingine. Tofauti ya 7,300 kati yake na kuchambua ni ujira wa nusu siku ya kukaa mezani. Kwangu inalipa kwa sababu jirani yangu wa meza ananishikia na mimi napata kununua chakula cha kuku mjini safari hiyohiyo. Kwa mtu mwenye kazi nyingine asubuhi, hailipi.

Umri wa kuku nao unageuza jibu. Wiki chache za kwanza wanapoanza kutaga, karibu kila yai ni dogo, na kiboksi cha matundu hakina kazi. Pima trei, weka bei ya madogo, tafuta watu wa chipsi. Mayai ya kienyeji niliyonayo machache siyachanganyi humo, yana mteja wake na bei yake, na ukubwa hausemi chochote kwake.

Kuku wangu wa sasa wanakaribia mwaka mmoja na nusu. Makubwa yamefika trei nane kati ya ishirini, ganda ukilishika unalisikia jepesi, na Majengo siwezi kuuza zaidi ya trei nne za 9,500 kwa siku. Trei za tano na kuendelea zinalala, na kwa joto na ukavu wa huku yai linapoteza maji na uzito likiwa limekaa tu. Kwa hiyo wiki hii nimeyagawa: madogo, ya kati na trei nne za makubwa zinakwenda mjini, trei nne nyingine za makubwa nimempa mchuuzi mlangoni kwa 8,200. Alitaka 7,600 ileile. Nikamletea mzani.